Anti, bra ya kwanza ya binti yangu nitachagua aje?

*Anti, hujambo. Mimi ni baba, tunaishi Umoja. Mama ya watoto anafanya kazi Ghuba huu mwaka wa pili kwa hivyo niko peke yangu na watoto. Msichana wangu ako na miaka 12, gredi ya saba, na alikuwa anapenda netiboli sana. Mwezi uliopita niliona ni wakati avae bra nikaenda Gikomba nikamnunulia moja poa ya 34B yenye sponji, nikachukua kubwa kidogo ndo akue nayo. Aliivaa siku moja, nikaikuta imefichwa chini ya godoro. Saa hii ameacha netiboli na anavaa sweta hata jua likiwaka. Dada yangu anakuja Desemba lakini siwezi ngoja hadi hapo. Nichague aje saizi, nianze na ya kawaida ama ya michezo, na nitajuaje imemtosha bila kumwaibisha? Baba, Umoja.*

Ndugu yangu, nimepokea barua yako. Kabla nianze kujibu hizi barua niliuza nguo za ndani Gikomba miaka 11, na akina baba kama wewe walikuwa wanakuja, wengi wanasimama mbali kidogo na kibanda, mtu ananionyesha kwa mkono ati ni msichana wa urefu hivi, mwembamba, nami namuuliza swali moja tu: mbavu zake hapo chini ya matiti zinazunguka sentimita ngapi? Hapo karibu wote walikuwa wanarudi nyumbani kwanza. Wakija tena na hiyo namba tunamaliza dakika 5.

Wacha nianze na ile 34B juu ukishajua mahali ilikosea hutarudia. Hiyo 34 si ya matiti, ni ya mkanda wa chini, ule unazunguka mbavu hadi mgongoni. Herufi ndo ya kikombe, na hata hiyo herufi haisemi ukubwa wa titi lenyewe, inasema tofauti kati ya mzunguko wa kifua mahali kimejaa na mzunguko wa mbavu hapo chini. Ndo maana kikombe cha B kwa mkanda mdogo ni kidogo kuliko B ya mkanda mkubwa. Sasa muuzaji ambaye hata hajamwona mtoto, ama amemwona ndani ya sweta, anakisia namba mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili zinaweza kuwa si zake.

Alafu hiyo ya kuchukua kubwa ndo akue nayo. Najua inatoka wapi, sote tumenunuliwa yunifomu hivyo, sweta mikono imekunjwa mara mbili na sketi imewekwa pindo refu la kushushwa mwaka ujao, na kwa sweta ni akili nzuri kabisa. Kwa bra haiwezekani, kwa sababu kazi kubwa ya kubeba inafanywa na ule mkanda wa mbavu, mikanda ya mabega inasaidia tu. Mkanda ukilegea unapanda mgongoni, ukipanda nyuma sehemu ya mbele inashuka, mtoto anaanza kukaza mikanda ya mabega ndo airudishe juu, mabega yanaanza kuuma, na bado vikombe haviko mahali pake. Ongeza sponji kwa hiyo hesabu. Kikombe cha sponji kinasimama chenyewe hata kama hakuna kitu ndani, kwa hivyo msichana wako aliingia darasani na kifua ambacho si chake, kinabonyea akiinama kuandika, na blausi nyeupe inaonyesha kila kitu. Mimi naelewa kabisa kwa nini aliiweka chini ya godoro, na usimgombeze kwa hiyo.

Sasa kupima, na hii atafanya mwenyewe, wewe utampa futi ya fundi na karatasi umeandika maelezo, alafu ukae huko sebuleni na hao wengine. Kama hakuna futi, kamba ya kiatu ambayo haivutiki na rula ya shule inatosha, anazungusha kamba, anashika kwa kidole mahali imekutana, ananyoosha mezani anapima. Asitumie uzi wa sufi juu unavutika na utamdanganya.

Avae vesti nyepesi, asimame mbele ya kioo. Kwanza apime mbavu, hapo chini kabisa matiti yanapoishia, futi iwe imelala sawa mbele na nyuma, atoe pumzi, akaze iguse ngozi vizuri lakini isibane, asome. Kosa la kila mtu hapa ni futi kushuka mgongoni bila yeye kujua, kwa hivyo ageuke kando aangalie kwa kioo kama iko mstari mmoja. Alafu apime mahali kifua kimejaa zaidi, hapa asikaze kabisa, futi ipite tu juu ya vesti. Arudie zote mbili mara ya pili, zikikuja namba tofauti sana apime ya tatu. Akuandikie hizo namba mbili kwa karatasi akupe. Hakuna kitu kingine unahitaji kutoka kwake ndo ununue.

Nikupe mfano wa msichana mmoja wa umri huo huo ambaye nyanya yake aliniletea vipimo vimeandikwa nyuma ya risiti ya unga. Mbavu 69, kifua 80. Kwa saizi za Ulaya, zile za 65, 70, 75, mkanda unahesabiwa kwa sentimita za mbavu zenyewe, kwa hivyo mbavu 69 ziko ndani ya 70, ambayo inachukua kama 68 hadi 72. Alafu tofauti, 80 toa 69 ni 11. Kikombe cha A kinaanza kama sentimita 12 hadi 14, na AA ni kama 10 hadi 12. Kwa hivyo huyo mtoto ni 70AA, ako njiani kuelekea A. Nyanya alikuwa amekuja akitafuta 34B kama yako. 34 ni sawa na 75 ya Ulaya, yaani mkanda wa mtu ambaye mbavu zake ni 73 hadi 77, na B inataka tofauti ya 14 kwenda juu. Mkanda ungelegea na kikombe kingebaki na nafasi, vyote viwili pamoja.

Ukienda sokoni utapata lebo za kila aina juu bale zinatoka nchi tofauti, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Zile za Uingereza na Amerika zinaandikwa 30, 32, 34, 36, na zinalingana na 65, 70, 75, 80 za Ulaya kwa huo mpangilio. Sasa Ufaransa na Uhispania wao wanaongeza 15 juu ya hiyo ya Ulaya, kwa hivyo 70 kwao inaitwa 85. Unaona shida? Ukichukua bra imeandikwa 80 ukidhani ni ya Ulaya, kumbe ni ya Ufaransa, hiyo ni 65, ni ya mtoto mwembamba kabisa. Na ukiona 85A usiogope ukairudisha, inaweza kuwa ndo ile ile unatafuta. Lebo nyingi zimeandikwa namba kadhaa pamoja na herufi za nchi kando yake, EU, UK, F, soma yote kabla uweke chini. Lebo ikiwa imekatwa, tumia futi: bra ikiwa imefungwa na haijavutwa, mkanda wake unafaa kuwa mfupi kuliko mbavu za mtoto, na ukiuvuta taratibu upite zile 69 bila kufika mwisho wa lastiki. Kama imelala tu hapo mezani na tayari inafika 69, hiyo imelegea ama si saizi yake, iache.

Mitumba si mbaya, mimi nimeishi kwa mitumba na kuna kamera, zile za chaguo la kwanza, ambazo hazijavaliwa hata mara moja. Lakini kwa bra unanunua lastiki, si kitambaa. Shika mkanda kwa mikono miwili, uvute, uuache. Lazima urudi mara moja, na urudi mzima. Alafu uvute tena ukiwa umeuweka karibu na sikio. Lastiki iliyokufa inatoa sauti ndogo ya kukatika katika, kama unatembea juu ya majani makavu, na ukiangalia kwa karibu utaona vinyuzi vyeupe vimechomoza kwa kitambaa. Hiyo hata ukiuziwa kwa bei ya maandazi itamfaa wiki mbili. Angalia pia kulabu za nyuma zisiwe zimepinda, juu zinakwaruza ngozi, na ukifika nyumbani iloweke na sabuni, ufue, uanike ikauke kabisa kabla avae.

Aina gani? Hii inategemea ako wapi kwa kukua, na hapa sitakuuliza uangalie, zile namba zitakuambia. Tofauti ikiwa chini ya 10 hivi, huyo ndo anaanza. Mara nyingi kunakuwa na kinundu kigumu chini ya chuchu, kinauma akikigusa ama mpira ukimgonga, na mara nyingi upande mmoja unatangulia mwingine hata kwa miezi. Wasichana wanaanza hivyo kati ya miaka 8 na 13 na si uvimbe wa kuogopesha, ila mwambie hivyo kwa maneno, ama dada yako ampigie simu amwambie, juu nimeona watoto wamebeba hofu ya kansa kimya kimya kwa sababu hakuna mtu aliwaambia. Wa hapo anahitaji ile ya kuanzia, inakaa kama vesti fupi, haina kulabu, pamba yenye lastiki kidogo, na mbele kitambaa kiwe mara mbili. Hiyo tabaka ya pili ndo inafanya asione haja ya sweta.

Tofauti ikifika 10 na kuendelea kama yule wa risiti ya unga, atafute bra laini ya vikombe, bila sponji na bila waya. Waya sijaikataza kwa sababu ina sumu, hapana, ni kwamba umbo linabadilika kila miezi michache na waya haibadiliki, inaanza kukaa juu ya titi badala ya kuzunguka chini yake, na inachoma. 70AA ni ngumu kupata sokoni, nakuambia ukweli, kwa hivyo ukikosa chukua 70A ya kitambaa laini, hiyo inalala chini vizuri hata kikombe kisipojaa, kitu ambacho ile ya sponji haiwezi. Mkanda ndo usibadilishe. Ukikosa 70 usichukue 75.

Rangi, hili ni jambo dogo lakini kwa shule ni kubwa. Chini ya blausi nyeupe bra nyeupe inaonekana wazi. Ile inakaribia rangi ya ngozi yake, kahawia yake yeye, ndo haionekani. Nyeusi kwa ngozi nyeusi pia inajificha kiasi lakini kahawia ni bora.

Sasa netiboli, na ndugu yangu hii ndo ningetaka uharakishe hata kuliko ile ya shule. Ndani ya titi hakuna msuli wa kulishika, linashikwa na ngozi na nyuzi nyembamba za ndani, kwa hivyo mtoto akiruka kushika mpira na kutua akasimama ghafla, vile netiboli inataka, kifua kinaendelea kwenda juu, chini na kando. Kinauma, na watu wanaangalia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kule Uingereza waliwauliza wasichana wa shule zaidi ya 2,000 wa miaka 11 hadi 18, na matokeo yakatoka 2016, 46 kwa kila 100 walisema matiti yanawapunguzia kushiriki michezo. Kwa hivyo wako hajaacha netiboli kwa sababu ya uvivu ama utundu, na sidhani ameichoka.

Kuna mwalimu wa gemu wa shule moja, sitaitaja, aliwaambia wasichana wajifunge leso kwa kifua kabla ya mazoezi. Mmoja wao aliletwa kwangu na mamake akiwa na alama imezunguka mbavu zote, nyekundu, imechubuka kando ya kwapa, na alikuwa anasema akikimbia pumzi inakatika. Leso haivutiki, mbavu zikitaka kupanuka zinakutana na ukuta. Na haizuii kukua. Tafadhali akikuambia shuleni wamesema hivyo, kataa, nenda uongee na huyo mwalimu.

Bra ya michezo ya kumfaa saa hii ni ile ya kuvaliwa kupitia kichwani, inabana kifua chote kwa pamoja kwenda kwa mbavu. Kwa kifua kidogo hiyo inatosha kwa netiboli. Akija kufika kama C huko mbele ndo utatafuta ile yenye vikombe viwili vimetenganishwa na kulabu nyuma, juu kubana peke yake haitoshi tena. Nyingi zimeandikwa S, M, L, ama umri, na umri wa lebo usiufuate hata kidogo. Zikiwa mpya mara nyingi kuna kikaratasi cha sentimita za kifua, linganisha na zile namba zako mbili, na kama mbavu zinasema S na kifua kinasema M, fuata mbavu kwanza, ajaribu, ndo uangalie kama kifua kimeingia chote. Mkanda wa chini uwe mpana, vidole viwili hivi, si kile kilastiki chembamba kinajikunja kama kamba. Kuna zile nzuri za kuangalia zina mikanda myembamba imepishana mgongoni, hizo ni za kunyoosha viungo nyumbani, si za kuruka.

Sasa kujua imemtosha. Mnunulie, mpe na karatasi nyingine, aingie chumbani afunge mlango. Nitakuandikia vile mimi nilikuwa nawaambia wasichana kibandani nyuma ya pazia, wewe nakili.

Ukivaa ya kulabu, inama kidogo mbele, ingiza kila upande vizuri ndani ya kikombe, alafu simama. Ifunge kwa kulabu za katikati. Kwa mtu mzima huwa nasema aanze na za nje kabisa kwa sababu bra italegea na muda, lakini wewe mbavu zako pia zinakua, kwa hivyo katikati unabaki na nafasi ya kwenda pande zote mbili.

Geuka kando kwa kioo. Mkanda wa chini uwe mstari mmoja mbele na mgongoni. Ingiza vidole viwili vimelala chini ya mkanda, viingie na uhisi vimeshikwa. Vikipita na mkono mzima, ni kubwa. Visipoingia, ni ndogo. Alafu inua mikono yote miwili juu kabisa kama unataka kushika mpira wa juu, na uishushe. Hii ndo naiamini kuliko zote. Nilikuwa namwambia msichana ainue mikono nami nikiwa nimesimama nje ya pazia, na namuuliza, mkanda uko wapi? Kama umepanda na matiti yametokea chini yake, mkanda umelegea, na hakuna kukaza mabega kutasaidia hiyo. Ukibaki pale pale, umepata.

Angalia vikombe. Kitambaa kikiwa na mikunjo hata baada ya kufupisha mikanda ya mabega, kikombe ni kikubwa. Ukiona kuna mstari umekata na nyama imefura juu yake ama kando karibu na kwapa, kikombe ni kidogo, na hapo usiongeze mkanda, ongeza herufi. Mikanda ya mabega iruhusu kidole kimoja ama viwili, isianguke ukitembea, isiache mfereji begani. Mwisho vaa ile blausi ya shule juu yake ujiangalie.

Kwa ile ya michezo fanya hayo hayo, alafu vuta pumzi ndefu kabisa hadi mwisho. Lazima uweze. Inafaa kubana kuliko ile ya kawaida, lakini pumzi isikatike. Ruka papo hapo mara 10, ukimbie mahali ulipo umesimama, na useme mwenyewe kama kuna mahali pamecheza ama pameuma. Ukiivua, alama nyepesi ya mkanda ni sawa na itaisha baada ya muda mfupi. Alama nyekundu ambayo bado iko baadaye, ama mahali pamechubuka, hiyo ni saizi mbaya ama mshono mbaya.

Haya ndo maelezo ya karatasi, na mwambie akuandikie tu neno moja kwa kila bra, "imetosha", "kubwa" ama "ndogo", na kama ni mkanda ama kikombe. Kabla ulipe mwambie muuzaji kwamba utarudi kubadilisha kesho asubuhi lebo ikiwa bado iko na haijavaliwa nje, wengi wanakubali ukiwaambia mapema, na ambaye amekataa, nenda kwa mwingine. Na hizi za kujaribu ajaribu juu ya vesti nyepesi.

Usinunue nyingi. Mbili za shule na moja ya michezo, basi, juu kila miezi 3 utampa tena ile futi apime, na kama ni yule wa risiti ya unga unaweza kuta mbavu bado ni 69 lakini kifua kimetoka 80 kikaingia 83, hapo tofauti ni 14 na ameingia B. Asishtuke pia kama siku chache kabla ya hedhi, ikishaanza, ile ile bra inabana na matiti yanauma, inapita. Afue kwa mkono na maji ya vuguvugu, asikamue kwa kuzungusha, aanike kivulini, jua la saa sita na maji moto ndo vinaua lastiki. Ya michezo aivue mara tu akimaliza mazoezi, asikae nayo na jasho hadi jioni, juu hapo chini ya mkanda ndo vipele na fangasi vinaanzia, na asilale nayo. Akitaka kulala bila chochote, alale, bra haizuii kitu usiku na kukosa kuvaa hakumharibu.

Hospitali ni kwa mambo machache. Titi likiwa jekundu, moto, na ana homa. Chuchu ikitoa damu ama usaha. Kinundu kinachokua haraka peke yake, ama kiko mahali pengine mbali na chuchu na hakiishi. Na kwa wale wadogo zake, akianza kukua kabla ya miaka 8, ama akifika 13 na hakuna dalili yoyote, mpeleke aonwe.

Kuhusu aibu, usimkalishe mbele ya ndugu zake, na usingoje Desemba. Mpe futi na karatasi ya kwanza ndani ya bahasha, mwambie tu, mamako angekuwa hapa angekufanyia hii, mimi nataka uwe na yenye inakutosha, andika namba hizi mbili uniwekee juu ya meza. Kama mamake anaweza piga simu hiyo jioni, aongee naye wakiwa wawili, mlango umefungwa, wakati anapima. Alafu ile 34B mwombe aitoe chini ya godoro, uioshe uiweke kando, kama kuna binamu mkubwa wa mbavu 75 itamfaa huyo.

Anza na ya michezo. Ukipata namba zake Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi mapema Gikomba bale zinafunguliwa, na mazoezi yakianza Jumatatu ako nayo kwa mkoba.